Januari Tajiri, Machi Fukara: Mwongozo wa Mwenye Nyumba wa Kalangalala

Mwenye nyumba wa Kalangalala, mjini Geita, unamtambua kwa simu yake. Ukiifungua utakuta picha ya mjukuu, picha ya mahindi ya shambani, picha ya risiti, video ya harusi, picha nyingine ya risiti iliyopigwa juu ya goti, kisha ujumbe wa pesa ya simu aliotumiwa na mpangaji akiwa porini kwenye mashimo. Muulize nyumba inamwingizia shilingi ngapi kwa mwezi, naye atakujibu bila kusita: "Inategemea." Ukimuuliza inategemea nini, atakuambia Januari ilikuwa nzuri sana, lakini Machi hakuona kitu.

Machi hakuona kitu, na vyumba vyote vilikuwa na watu! Wapangaji walilala, walipika, walianika nguo, na mwenye fremu aliuza vocha mpaka saa nne usiku. Nyumba ilifanya kazi mwezi mzima. Kilichokosekana ni karatasi inayoonyesha kwamba pango la Machi lilikwisha kuliwa Januari, pamoja na ada za shule na bati la choo.

Mwongozo huu ni wa kuitengeneza karatasi hiyo kutokana na picha zilizomo kwenye simu. Huhitaji mhasibu. Unahitaji jioni mbili, jedwali la Excel au Google Sheets, na moyo wa kukubali kwamba ulichopokea mwezi fulani na nyumba ilichozalisha mwezi huo ni vitu viwili.

Hatua ya kwanza: Mjue mpangaji wako kabla ya kuijua risiti yake

Mji wa Geita unaishi kwa dhahabu. Mgodi mkubwa wa GGM ulianza uzalishaji mwaka 2000, Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na soko la dhahabu la mjini likafunguliwa Machi 2019. Watu wanaopanga vyumba Kalangalala ni wafanyakazi wa kampuni zenye kazi mgodini, wachimbaji wadogo, walimu, wauguzi na wafanyabiashara. Kila kundi lina namna yake ya kulipa, na namna hiyo ndiyo inayovuruga hesabu.

Mwajiriwa wa serikali hulipa miezi mitatu, akijikaza sana sita. Mwenye fremu hulipa mwaka, maana hataki kuhamishwa katikati ya biashara. Mchimbaji mdogo ana kalenda yake: akipata, analipa miezi sita kwa mkupuo na kukuletea soda, asipopata, anakuamkia kwa heshima mara mbili zaidi ya kawaida na kupita upande wa pili wa barabara. Akisikia kuna rashi mahali, anaondoka usiku, na asubuhi chumbani kwake unamkuta mdogo wake, au rafiki yake, au mtu ambaye hujawahi kumwona. Mtu huyo mwezi ujao analipa, tena kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la dada yake.

Kutokana na hayo inatoka kanuni ya kwanza, na usiivunje hata kwa mpangaji unayempenda: kumbukumbu hufuata mlango. Majina hubadilika, namba za simu hubadilika, lakini Chumba cha 2 hakijawahi kukimbilia rashi. Kabla hujafungua picha hata moja, pita uani na karatasi, uupe kila mlango namba, na mbele ya kila namba uandike pango lake la mwezi. Orodha hiyo fupi ndiyo itakayokuamulia kesi zote zinazokuja mbele.

Hatua ya pili: Zitoe picha mafichoni

Zikusanye picha zote mahali pamoja: zilizo kwenye simu yako, zilizo kwa mwanao anayekusaidia kupokea, na zilizo WhatsApp kwa wapangaji. Usiwaamini wanaosema "zote zipo." Chukua kitabu chako cha risiti na ufuate namba za vishina. Ukikuta picha za namba 41, 42 na 44, basi 43 iko mahali, au iliharibika ikakatwa, au ndugu yako alipokea akasahau kusema. Namba inayorukwa kwenye kitabu ni ushahidi wa bure, usiupuuze.

Picha mpya ipige mchana karibu na mlango, risiti ikiwa juu ya meza, karatasi moja kwa picha moja. Nakala ya kaboni iliyofifia isogeze mpaka mwanga uipitie kwa ubavu, maandishi yatajitokeza. Risiti ya mashine ya EFD ipige siku ileile unayoipata, kwa kuwa karatasi yake huandikwa kwa joto na hufifia. Ukiiweka juu ya dashibodi ya gari kwa wiki chache utabaki na karatasi nyeupe safi isiyo na faida hata kwa kufungia karanga.

Mtego mkubwa uko kwenye jina la faili. Picha iliyopita WhatsApp hujiita mfano `IMG-20250312-WA0007.jpg`. Tarakimu hizo zinasema tarehe 12 Machi 2025, na wengi huandika kwamba pango lililipwa siku hiyo. Hiyo ni tarehe ambayo picha ilipita WhatsApp. Risiti yenyewe inaweza kuwa ya Januari, mpangaji akaituma Machi baada ya kukumbushwa mara nne. Tena WhatsApp huifuta tarehe ya kupigwa iliyokuwa imefichwa ndani ya picha na kuipunguza ubora. Kwa hiyo mwombe mtumaji aitume kama hati, siyo kama picha, na tarehe usome kwenye karatasi.

Ukishaisoma, ipe faili jina linalojieleza: tarehe ya kulipwa, mlango, mwezi wa kwanza, mwezi wa mwisho, kiasi.

```
2025-01-10_C1_2025-01_2025-06_300000.jpg
```

Ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, simu itazipanga picha zenyewe kwa mfuatano wa kulipwa bila kukuuliza.

Hatua ya tatu: Soma risiti kama polisi wa barabarani

Risiti nyingi za kitabu zina tarehe moja tu, ile ya siku ya kulipa. Jedwali la mwezi halijengwi kwa tarehe hiyo. Linajengwa kwa kipindi kinacholipiwa: kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani. Na kipindi hicho ndicho ambacho watu hawaandiki. Wanaandika "pango la chumba" wanaweka sahihi, wanaachana kwa furaha.

Kipindi kisipoandikwa, kitafute kwa kugawanya. Gawanya kiasi kwa pango la mwezi la mlango huo. Laki tatu kwa chumba cha 50,000 ni miezi sita. Kisha tazama mlango huo ulikuwa umelipiwa hadi mwezi gani, na uanzie mwezi unaofuata. Jibu likitoka zima, una kipindi. Likitoka na vipande, kuna jambo, na mara nyingi ni mojawapo ya haya.

La kwanza ni ya kutolea. Mpangaji anatuma pango kwa simu na kuongeza ya kutolea kwa wakala, kama ulivyomwagiza. Ujumbe unasema 154,000 wakati pango la miezi mitatu ni 150,000. Hizo 4,000 zinakatwa siku unapotoa fedha kwa wakala, hivyo kwenye safu ya pango andika 150,000 na zilizobaki uzieleze pembeni.

La pili ni LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayekatwa ni aliyeshika mita. Mpangaji mwenye akili huhifadhi jumbe za LUKU, na siku ya kulipa pango anatoa chake kwanza. Usiandike kwamba pango limepungua. Pango ni lilelile, nawe umelipa kodi yako kwa mkono wake. Andika pango zima, kisha kiasi alichojirudishia ukiandike kama gharama.

La tatu ni amana. Mpangaji mpya anatoa pango la miezi mitatu na mwezi mmoja wa tahadhari, na wote wawili mnaandika risiti moja ya miezi minne. Amana ni fedha yake uliyomshikia. Itakuwa mapato siku atakapoondoka akiacha deni au mlango umevunjika, na kwa kiasi hicho tu. Iweke kwenye orodha yake peke yake. Na ile ya dalali, ambayo mpangaji humpa dalali, haikukuhusu tangu mwanzo.

La nne ni macho. Moja na saba za mwandiko wa haraka hufanana, na sifuri hukimbia. Ndiyo maana risiti nzuri ina mstari wa kiasi kwa maneno. Tarakimu zikisema 30,000 na maneno yakisema laki tatu, yafuate maneno, kisha uthibitishe kwa kugawanya. Ni vigumu mtu kuandika "laki tatu" kwa bahati mbaya.

Hatua ya nne: Jenga jedwali, mstari mmoja kwa malipo mamoja

Safu A iwe mlango, B jina la picha, C tarehe ya kulipwa, D pango lililolipwa kabla ya makato yoyote, E mwezi wa kwanza, F mwezi wa mwisho, G pango la mwezi, H maelezo. Kuanzia safu I ni miezi, mmoja kwa safu. Anza na mwezi wa mapema kabisa unaoguswa na risiti yoyote. Katika mfano wetu I ni Desemba 2024 na U ni Desemba 2025.

Miezi ya E, F na ya mstari wa kwanza wa juu iandike yote kwa tarehe mosi: Januari 2025 ni 1/1/2025. Mpangaji aliyeingia tarehe 15 mhesabie mwezi wa kalenda ambamo mwezi wake wa pango unaanza, na ufanye hivyo kwa wote. Ukianza kukata nusu za mwezi kwa mmoja na kuacha kwa mwingine, jedwali litakudanganya kwa uso mkavu.

Kwenye I2 weka fomula hii, kisha uivute kulia na chini:

```
=IF(AND(I$1>=$E2,I$1<=$F2),$G2,0)
```

Inasema: mwezi huu ukiwa ndani ya kipindi kilicholipiwa, weka pango la mwezi, ukiwa nje, weka sifuri. Kwenye V2 weka mlinzi:

```
=D2-SUM(I2:U2)
```

Mlinzi lazima atoe sifuri. Akitoa 50,000, umekosea mwezi mmoja wa kipindi, au umeandika kiasi kibaya. Usimnyamazishe kwa kubadilisha pango la mwezi ili hesabu ikubali. Rudi kwenye picha. Kompyuta ikikataa fomula nzima, jaribu kuweka nukta-mkato mahali pa mkato. Mipangilio ya nchi hutofautiana.

Mipangilio hiyohiyo ina ubaya mwingine. Simu iliyowekewa Marekani huanza na mwezi. Ukiandika 12/05/2025 kwa maana ya 12 Mei, itaelewa 5 Desemba na haitasema neno. Ukiandika 20/11/2024, haitapata mwezi wa 20, itaacha maandishi tu, nayo yatajipanga kushoto mwa kisanduku wakati tarehe halali zimejipanga kulia. Ukiona tarehe moja imesimama kushoto peke yake, usiikague hiyo tu. Kagua safu nzima, maana hizo zilizokubaliwa huenda zimekubaliwa vibaya.

Hatua ya tano: Tazama nyumba moja ikifanyiwa kazi

Tuchukue nyumba ya mfano: Chumba cha 1 na cha 2 ni 50,000 kila kimoja kwa mwezi, Chumba cha 3 ni chumba na sebule kwa 90,000, na mbele kuna fremu moja ya 120,000. Vyote vikiwa na watu na vikilipiwa, nyumba inazaa 310,000 kwa mwezi. Mama mwenye nyumba ana picha 9.

Chumba cha 1 alilipa 300,000 tarehe 10 Januari 2025, miezi sita. Gawanya, unapata Januari hadi Juni. Huyu ndiye mpangaji wa kuombea dua.

Chumba cha 2 kilikuwa kitupu Januari. Mpangaji mpya alituma 154,000 kwa simu tarehe 5 Februari: pango la Februari hadi Aprili pamoja na ya kutolea. Kuna picha nyingine ya siku hiyo ya 50,000, na kwa mbali inafanana na pango la mwezi wa nne. Maneno yake yanasema "tahadhari." Hiyo inaenda kwenye orodha ya amana. Tarehe 12 Mei akalipa 50,000 ya Mei. Juni hakuna kitu.

Chumba cha 3 alilipa 540,000 tarehe 20 Novemba 2024, kwa Desemba hadi Mei. Tarehe 1 Juni 2025 akalipa 531,000, na 531,000 haigawanyiki kwa 90,000. Picha inayofuata inaeleza: ni jumbe za LUKU za miezi sita, 1,500 kila mmoja, jumla 9,000. Kwa hiyo pango ni 540,000 kwa Juni hadi Novemba, na gharama ni 9,000.

Fremu ililipwa 3 Januari. Risiti inasema 1,440,000 kwa mwaka mzima, na picha hiyo imetumwa mara mbili, Januari na tena Machi, kwa majina mawili ya faili. Namba ya risiti ni moja, basi ni malipo mamoja.

Picha 9 zimekuwa mistari 6 ya pango. Moja ilikuwa amana, moja ushahidi wa LUKU, moja pacha. Angeziingiza zote kwa kasi ya kumaliza kazi, fremu ingelipa miaka miwili kwa mpigo, na mama angeanza kutafuta kiwanja cha pili Nyankumbu. Miezi sita ya 2025 inasomeka hivi:

| Mwezi | Fedha iliyoingia (kabla ya makato) | Pango la mwezi lililolipiwa | Pengo |
|---|---|---|---|
| Januari | 1,740,000 | 260,000 | 50,000 tupu |
| Februari | 150,000 | 310,000 | – |
| Machi | 0 | 310,000 | – |
| Aprili | 0 | 310,000 | – |
| Mei | 50,000 | 310,000 | – |
| Juni | 540,000 | 260,000 | 50,000 deni |
| Jumla | 2,480,000 | 1,760,000 | 100,000 |

Safu ya kwanza ya fedha ni moyo wa mama mwenye nyumba: furaha Januari, njaa Machi. Safu ya pili ni nyumba: mwezi kwa mwezi imesimama pale pale, karibu na 310,000. Anayepanga matumizi yake kwa safu ya kwanza atakula Januari pango la Novemba.

Safu ya fedha iliyoingia ipate kwa fomula hii chini ya kila mwezi, ukihesabu tarehe za safu C. Hii ni ya Januari, iliyo safu J:

```
=SUMIFS($D$2:$D$40,$C$2:$C$40,">="&J$1,$C$2:$C$40,"<"&EDATE(J$1,1))
```

Angalia pia safu ya pengo. Kwenye jedwali ghafi Januari ya Chumba cha 2 ni sifuri na Juni yake ni sifuri, lakini sifuri hizo hazina undugu. Ya Januari ni chumba kitupu: hakuna wa kumdai, tafuta mpangaji. Ya Juni ni deni: mtu amelala humo siku thelathini, mgongee mlango. Ipo na ya tatu, mbaya kuliko zote, pale mpangaji alipolipa na risiti haikupigwa picha. Ukizichanganya utamdai aliyelipa, na Kalangalala nzima itasikia kabla ya adhuhuri. Andika neno lake kila mara: tupu, deni, au risiti haijapatikana.

Vilevile angalia mlango mmoja usilipiwe mara mbili mwezi mmoja. Mara nyingi ni picha pacha. Lakini inaweza kuwa kweli: mchimbaji alilipa hadi Juni akaondoka Aprili, nawe ukampangisha mwingine Mei. Hapo jiulize kama yule wa kwanza anadai miezi yake iliyobaki. Kama anadai, hiyo fedha bado si yako yote, hata kama amehamia mbali.

Hatua ya sita: Zipatanishe jumla mbili

Nyumba imelipiwa 1,760,000 na mkononi zimepita 2,480,000. Tofauti ni 720,000, na mtu akikuuliza imetoka wapi usijibu "ni za mbele tu." Zihesabu.

Anza na pango lililopokelewa 2024 kwa ajili ya 2025: Chumba cha 3, Januari hadi Mei, miezi mitano kwa 90,000, ni 450,000. Ongeza 2,480,000 zilizoingia, unapata 2,930,000. Toa pango la baada ya Juni: Chumba cha 3, Julai hadi Novemba, 450,000, fremu, Julai hadi Desemba, 720,000. Umetoa 1,170,000, zimebaki 1,760,000. Ikitoka hivyo hasa, jedwali limekaa. Ikitoka kwa kukaribia, halijakaa. Katika hesabu hii hakuna kukaribia.

Hizo 1,170,000 zitazame vizuri. Ni miezi ambayo wapangaji wamekwisha kuilipa na wewe bado unadaiwa kuwapa: paa lisivuje, choo kitumike, amani uani. Nyumba ikiungua au ukitaka kuwatoa mapema, hiyo ndiyo fedha utakayotakiwa kuirudisha. Mwenye nyumba asiyeijua namba hii anaweza kuwa na milioni moja ya watu na kuiita akiba.

Hatua ya saba: Mpe TRA safu yake

Sasa utaona kwa nini tumeshika safu zote mbili. Kwa mtu binafsi, mapato ya uwekezaji kama pango huhesabiwa kwa kodi ya mapato pale fedha inapopokelewa, na mwaka wa mapato ni Januari hadi Desemba. Kwa hiyo zile 540,000 za Novemba 2024 ni za mwaka 2024, ingawa zililipia hadi Mei 2025. Ukimpelekea ofisa wa kodi safu ya pango la mwezi, utakuwa umempa jibu la swali ambalo hakuuliza. Safu ya mwezi ni ya kwako, ya kujua nyumba inazaa nini na kupanga matumizi; na hata benki ikikuuliza kuhusu mkopo, ndiyo inayoonyesha uwezo wa kulipa kila mwezi.

Mwenye nyumba yenye fremu ana jambo la ziada. Mpangaji mfanyabiashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwisho wa mwezi aliokata. Katika 1,440,000, anakata 144,000, nawe unapokea 1,296,000. Kwa malipo ya 3 Januari, fedha hiyo iwe imefika TRA kabla ya 7 Februari kuisha. Kwenye safu D andika 1,440,000, maana hilo ndilo pango. 144,000 zieleze pembeni, na picha ya cheti cha zuio uiweke karibu na picha ya risiti. Mpangaji anayekata bila kukuletea cheti amekupunguzia pango kwa jina la serikali.

Sheria ya usimamizi wa kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5 kwa uchache. Kwa hiyo karatasi usizitupe baada ya kupiga picha. Zifunge kwa mwaka, na picha zihifadhi mahali pawili, kwa sababu simu ya Kalangalala huanguka kwenye ndoo ya maji bila kutoa taarifa.

Hatua ya mwisho: Malizia kwenye kitabu cha risiti

Karibu taabu yote uliyoipata hapa imetokana na neno lisiloandikwa. Kwa hiyo risiti ijayo iandike hivi mbele ya mpangaji: "Chumba cha 2, pango la kuanzia 1 Juni 2025 hadi 31 Agosti 2025, shilingi laki moja na hamsini elfu tu, 150,000/=." Amana ipewe risiti yake. Aliyetuma fedha kwa simu aandikiwe jina lake na la mpangaji, pamoja na namba ya muamala. Piga picha kabla karatasi haijaondoka mezani, na uipe faili jina palepale.

Mpangaji akikuambia, "Mama, tuandikiane tu kienyeji, tunaaminiana," mjibu kwa upole: "Mwanangu, kwa sababu tunaaminiana, andika na hadi mwezi gani."